Laini ya Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu, na mbili za kwanza zilipotelea mikononi mwangu.

Hospitali ilikuwa imewarudisha nyumbani wagonjwa kumi na mmoja kwa majaribio ya siku kumi. Kila mmoja alipewa kishikwambi chenye kitufe kimoja kikubwa cha bluu. Ukikibonyeza, kengele inalia kwenye skrini ya wauguzi, na muuguzi wa zamu anaondoka na pikipiki. Daktari mkuu aliweka sharti kwa wale wanaobaki peke yao mchana: mgonjwa ambaye wito wake utakaa dakika kumi bila kuitikiwa, mara tatu, atarudi wodini. Atarudi na kubaki huko. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha joto.

Baba mdogo alikuwa mmoja wa hao. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Kwa miaka thelathini alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mtu wa kukamata nukta iliyokosewa kwenye ukurasa wa mia nne. Kisha koo likamfanyia jeuri, wakamkata, wakampa bomba dogo shingoni la kupumulia. Sauti ikaondoka. Bomba likiziba kwa makohozi linahitaji kusafishwa upesi, na mikono yake inatetemeka mno kulisafisha mwenyewe. Mama mdogo alikuwa akitoka saa mbili asubuhi kwenda kushona sare kiwandani na kurudi saa kumi. Katikati ya saa hizo mume wake alikuwa na kitufe cha bluu, na hicho tu.

Wodini alishakaa miezi mitano. Alipotoka aliniandikia kwenye kibao chake: "Kule usiku wanazima taa, na mtu asiye na sauti gizani si mtu tena." Niliosha vyombo.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo, wa pili kati ya wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Waya, aliyeanza kazi wakati kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba kizima. Wauguzi waliniita Sindano, kwa wembamba, na kwa sababu, walisema, naingia na kutoka chumbani bila mtu kusikia.

Kosa la kwanza lilikuwa hivi. Mbele ya seva zetu imekaa nginx, programu inayompokea kila anayebisha na kumpeleka kwa anayehusika ndani. Mzee Waya aliiita Bawabu. Kishikwambi kinapotaka laini ya kudumu, hubisha kwanza kwa ombi la kawaida la wavuti, na ndani ya ombi huweka vichwa viwili, Upgrade na Connection. Maana yake: tuache kuandikiana barua, tushike simu moja na tusiikate. Lakini maneno hayo yanamhusu aliyebishiwa mlangoni tu. Bawabu hayapeleki ndani mpaka umwandikie kwenye faili lake kwamba ayapeleke.

Mzee Waya alikuwa ameshayaandika, juu kabisa, yatumike kote. Siku moja kabla ya majaribio nikaongeza mstari mmoja chini, kwenye sehemu ya kengele, ili seva ijue anwani halisi ya kila kishikwambi. Mstari mmoja tu wa kichwa kingine. Sikujua kwamba ukiandika hata kimoja cha aina hiyo katika sehemu ya ndani, vile vya juu vyote havirithiwi tena hapo. Asubuhi ya kwanza vishikwambi kumi na kimoja vilibisha, Bawabu akapeleka ndani ombi lililonyolewa, seva ikakataa, na skrini ya wauguzi ikawa nyekundu tupu.

Baba mdogo alibonyeza saa tatu na nusu. Hakuna aliyesikia. Kwa bahati jirani alipita kuazima pasi, akatupigia simu.

"Sindano," Mzee Waya aliniambia alipoliona faili, "umemwambia Bawabu habari mpya, naye akasahau zote za zamani. Ndivyo alivyo. Kichwa chake kidogo." Akarudisha mistari miwili pale chini, karibu na wangu. Taa zikawaka kijani. Alicheka, lakini Matroni, mkuu wa wauguzi, hakucheka.

"Kuanzia leo," Matroni alisema, "faili hilo haligusi mtu mpaka majaribio yaishe, isipokuwa Mzee mwenyewe awepo na atie sahihi. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Matroni."

Kesho yake Mzee Waya alipelekwa tawi la hospitali kutandaza nyaya, kazi ya wiki nzima.

Na siku ya pili laini zikaanza kukatika. Zilikuwa zinashika vizuri, kisha mgonjwa akitulia, doa la kijani juu ya kitufe linageuka jekundu. Yule aliyetengeneza programu ya vishikwambi alikuwa ameshaondoka, mkataba umekwisha, na alikuwa ameacha jambo moja la ajabu: laini ikikatika, programu haijiunganishi yenyewe. Inangoja kuguswa. Na mguso wa kwanza kwenye kitufe huunganisha tu. Kengele inalia kwa mguso wa pili. Tulikuwa tumewaeleza wagonjwa wote, lakini kumweleza mtu ameketi kitandani ni jambo moja, na mtu huyo kukumbuka wakati pumzi inapotea ni jambo lingine.

Ndivyo alivyopoteza wito wa pili. Aligusa mara moja, akaona kijani, akangoja. Mama mdogo alirudi mapema siku hiyo kwa sababu umeme ulikatika kiwandani.

Siku ya tatu nilishajua sababu. Kwenye kumbukumbu za nginx mstari ulikuwa uleule, kila mara sekunde sitini baada ya neno la mwisho. Bawabu asipoambiwa vingine, akikaa dakika moja bila kusikia kitu kutoka ndani anaamini simu imekufa, anakata. Kengele ya mgonjwa ni kitu cha kimya kwa asili yake. Mgonjwa akiwa hana shida hasemi kitu, na asiposema anakatwa. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuongeza muda huo. Iliyo bora zaidi ni seva yenyewe kumgusa kila mgonjwa kwa ishara ndogo kila baada ya nusu dakika, lakini programu ya seva haikuwa yetu kuifungua.

Nilikwenda kwa Matroni.

"Nimeona tatizo," nilisema.

"Eh?"

"Ni muda. Kwenye faili."

"Faili lipi? Lile lile?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ndiyo."

"Mwanangu, si nilisema? Mzee akirudi."

Mtu mwingine angebisha. Angesema: Matroni, kuna watu wataumia. Mimi nilisema "sawa" kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia vizuri, nikarudi kwenye kiti changu. Nilimpigia Mzee Waya. Simu yake huko alikokuwa ilishika siku moja na kukosa siku mbili. Kazi yangu ikawa kuangalia skrini, na kila doa likiwa jekundu kupigia simu ndugu au jirani wa mgonjwa: "Shikamoo, samahani, naomba umgusie kitufe mara moja." Nilipiga simu mpaka watu wakanizoea. Mama mmoja akawa ananiitikia, "Nimeshagusa, mwanangu, nimeshagusa, hata hujasema."

Lakini laini ya baba mdogo, kuanzia siku ya nne, haikukatika.

Nilishukuru Mungu. Nikajiambia mtandao wa mtaa wake ni mzuri. Nilikuwa na orodha ya watu wa kuwahangaikia, na yeye hakuwemo, na kila nilipopitisha jicho kwenye jina lake nilipumua.

Mzee Waya alirudi siku ya kumi, saa nne asubuhi, na vumbi la dari kwenye kope. Nilimwonyesha kumbukumbu kabla hajaketi.

"Sekunde sitini," alisema. "Na wewe umekaa na hili tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Ukakaa kimya?"

"Nilisema kidogo."

Alinitazama, akaguna, akavuta kiti. Tuliandika muda mpya, siku nzima badala ya dakika. "Hii si dawa," alisema, "hii ni ya kutuliza maumivu. Lakini siku imebaki moja, itatosha." Akapiga kidole mezani. "Sasa, tuzime tuwashe?"

Matroni alikuwa amesimama mlangoni. "Mkizima, wote watakatika?"

"Kwa sekunde chache," alisema Mzee Waya. "Kisha waguse tena."

"Hapana. Leo hapana. Nina mgonjwa wa moyo hapo namba tano."

Hapo ndipo nilipopata sauti, katika siku kumi nzima, hapo tu. "Hatuhitaji kuzima," nilisema. "Tunaweza kumwambia asome faili upya. Wale walio kwenye laini hawaguswi, wanabaki kama walivyo. Hakuna atakayekatwa."

"Mmeona?" alisema Matroni. "Sindano ana huruma kuliko ninyi wazee."

Mzee Waya alitia sahihi. Nikaandika amri. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Ndani ya dakika moja laini moja baada ya nyingine zikakatika, kwa kanuni ya zamani, na nilitegemea hivyo. Nikapiga simu, wakagusa, zikashika upya. Nikangoja. Dakika mbili, tano, kumi. Kijani. Nusu saa. Kijani. Namba tano, kijani. Nilihesabu kumi na moja, nikahesabu tena kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha, kwa furaha tu, nikafungua kumbukumbu za seva niangalie kimya kilivyo kirefu. Wote walikuwa kimya. Isipokuwa baba mdogo. Kishikwambi chake kilikuwa kinatuma neno dogo, seva inajibu, kinatuma tena. Mtu akigusa popote kwenye skrini, programu inaiarifu seva kwamba yupo. Nikaangalia saa. Sekunde hamsini. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Hamsini. Nikarudi nyuma: tangu saa mbili na dakika tano asubuhi. Nikafungua jana. Nikafungua juzi. Tangu siku ya nne, kutoka mama mdogo alipofunga mlango mpaka alipoufungua, muda wa saa nane kila siku, bila kupitisha dakika.

Alikuwa ameigundua dakika ile mwenyewe, kitandani, kama alivyokuwa akigundua nukta. Na alikuwa hajalala mchana hata mara moja, mtu aliyeambiwa na madaktari alale.

Nililia kidogo, nikiinamia kibodi ili Mzee Waya asione. Kisha nikamwandikia, kwenye sehemu ya maneno iliyo chini ya kitufe:

"Baba mdogo, shikamoo. Ni mimi. Nimeona unavyogusa. Tumeshatengeneza, haitakatika tena. Acha kugusa, pumzika. Lala kabisa."

Jibu lilichukua muda, kwa sababu ya mikono.

"Marahaba. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umesahihisha mara mbili?"

Hilo lilikuwa neno lake la nyumbani, hata kwa chumvi ya mboga. Nikacheka. "Mara mbili."

"Basi nalala. Ahsante mwanangu."

Ilikuwa saa saba na dakika tatu. Niliinuka, nikaenda kumwambia Matroni kwamba siku ya kumi itaisha salama. Alikuwa anakula ndizi amesimama. Akanikatia nusu. Tulizungumza dakika ishirini, labda zaidi. Sikuwahi kuzungumza na mtu pale muda mrefu hivyo. Aliniuliza kama nina mchumba. Muuguzi wa zamu alikuwa chumba cha pili anajaza fomu, mgongo kwenye skrini. Kwa siku kumi madoa mekundu yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna tena aliyeyaona.

Niliporudi, skrini ilikuwa ya kijani yote.

Saa nane kasorobo simu ya mezani ililia. Alikuwa fundi viatu anayefanya kazi nyuma ya ukuta wa nyumba ya baba mdogo. Namba alikuwa ameisoma kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda.

"Nyie ndio mnaoshughulika na huyu mzee? Amekuwa anagonga ukuta kwa kikombe. Nilidhani anapigilia msumari. Nimeingia, mtu amekuwa wa rangi ya majivu! Njooni!"

Pikipiki ilifika kwa dakika saba. Ilimkuta hai. Muuguzi alilitoa bomba, akalisafisha, akalirudisha, na pumzi ikaingia. Lakini wito haukuitikiwa, na ulikuwa wa tatu, na daktari mkuu aliandika kwenye fomu yake bila kuinua kichwa.

Nilirudi kwenye kumbukumbu nikiwa na Mzee Waya begani kwangu. Hatukuchukua hata dakika kumi.

Unapoiambia nginx isome faili upya, haimbadilishi Bawabu aliye kazini. Inamweka mpya pembeni yake, mwenye kanuni mpya, apokee wanaobisha kuanzia hapo. Yule wa zamani haruhusiwi kupokea mtu, lakini anamaliza na wageni alio nao, kwa kanuni zake za zamani, mpaka wa mwisho aondoke. Niliyajua hayo. Ndiyo niliyomwambia Matroni kwa fahari. Kumi walikatika ndani ya dakika moja, wakagusa, wakapokewa na mpya. Mmoja hakukatika, kwa sababu alikuwa haachi kugusa. Kumbukumbu ilionyesha mchakato wa zamani umebaki peke yake tangu saa tano na dakika kumi na mbili, unangoja kuzimika, na laini moja tu mkononi. Ulizimika saa saba na dakika nne: sekunde sitini baada ya "ahsante mwanangu."

Kisha, saa saba na dakika ishirini na sita, mguso mmoja. Laini mpya, kijani, kwa kanuni nzuri ya siku nzima. Na hakuna kengele. Aliona kijani, aliambiwa na mimi kwamba kila kitu kimekaa sawa, akangoja watu waje. Pumzi ilipozidi kupungua kishikwambi kilimtoka mkononi kikaanguka chini ya kitanda, kikabaki kikombe.

"Ungezima ukawasha," Mzee Waya alianza, kisha akaacha. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile. "Na mimi nilitia sahihi," alisema.

"Ningemwambia afunge programu na kuifungua upya. Hilo tu, Mzee. Niliwapigia wote kumi."

"Sasa usijilaumu, mwanangu."

Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Walimpa kitanda cha tatu kutoka mlangoni, wodi ileile. Nilikwenda jioni ya siku ya pili, saa za kutazama wagonjwa. Mama mdogo alikuwa ameketi ukingoni anakunja na kukunjua kitambaa. Aliponiona alisema, "Karibu mwanangu, kaa hapa," na hakukuwa na lawama yoyote ndani yake, nikatamani iwepo.

Baba mdogo aliomba kibao chake. Aliandika polepole, akafuta herufi moja iliyopinda, akaiandika upya.

"Nililala. Ningekaa macho saa tatu tu zaidi, siku zingeisha. Kosa langu."

Nilishika kibao kile, nikashindwa kukirudisha. Nilitaka kumwambia: si kulala kwako. Lakini baada ya sentensi hiyo ilikuwa lazima ije nyingine, na nyingine ilikuwa mbaya zaidi: kwamba zile siku saba za kukesha, kile kidole, ndicho kilichomfungia nje ya mlango tulioufungua kwa ajili yake. Kwamba angekuwa mvivu kama wenzake angekuwa nyumbani. Na angeelewa. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo ya aina hiyo upesi.

"Ni kosa langu mimi," nilisema. "Nilikuambia ulale."

Alitikisa kichwa, akachukua kibao. "Ulinihurumia. Hilo si kosa." Akafikiri. "Nini hasa kilikatika? Nieleze. Nina muda."

Mama mdogo alimtazama, akanitazama.

"Ni mtandao tu, baba mdogo," nilisema. "Mtandao wa mtaa wenu. Huwa unasumbua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya tangu nikiwa na miaka sita. Alinikazia macho, macho yale ya kupitia ukurasa, yakaenda mstari kwa mstari usoni kwangu, yakafika mwisho. Sijui aliona nini. Aliandika neno moja tu, "Sawa," na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: "Nitarudi lini?"

Fomu ya daktari mkuu nilikuwa nimeiona. Haikuwa na mahali pa kujaza tarehe.

"Bado wanaangalia," nilisema.

Muuguzi alipita akitangaza kwamba muda umekwisha. Mama mdogo alimwekea shuka vizuri mabegani. Baba mdogo alifuta kibao kwa kiganja, chote, akakiweka kifudifudi kifuani. Tulipofika mlangoni walikuwa wameanza kuzima taa, kuanzia upande wa mbali, moja, kisha nyingine.